Seva ya Tano Inapoingia

Mwaka 2007 wahandisi wa Last.fm, tovuti ya muziki ya London, walikuwa na kero moja isiyoisha. Kila walipoongeza seva ya kache, au walipoondoa moja, kache yote ilikuwa kama imefutwa. Data kwenye seva zilizosalia ilikuwa palepale, haijapotea hata kidogo, ila programu zilizoihitaji zilikuwa zinaitafuta kwenye seva nyingine.

Kache yao ilikuwa Memcached, programu iliyoandikwa mwaka 2003 na Brad Fitzpatrick kwa ajili ya tovuti ya LiveJournal. Kazi yake ni kuweka majibu kwenye kumbukumbu ya kompyuta ili swali lile lile lisirudi kwenye hifadhidata mara elfu. Kila jibu lina ufunguo wake, yaani jina la kulitafutia, mfano `msikilizaji:8125`. Ukiwa na seva kadhaa, lazima kuwe na njia ya kujua ufunguo upi uko wapi, na hapa Memcached ina tabia ya ajabu kidogo: seva zake hazijuani. Hakuna msimamizi wala daftari. Anayeamua aende seva gani ni yule anayeuliza, na kila anayeuliza lazima afikie jibu moja na wenzake bila kushauriana nao.

Njia waliyokuwa wakiitumia Last.fm ndiyo inayomjia kila mtu kwanza. Unaupitisha ufunguo kwenye kanuni ya heshi, inayogeuza jina lolote kuwa namba. Jina lile lile hutoa namba ile ile daima. Kisha unaigawa namba hiyo kwa idadi ya seva na kuangalia baki. Tuseme seva ni 4 na namba ni 47. Arobaini na saba kwa nne, baki 3, basi ufunguo unakaa seva namba 3. Ni hesabu ya shule ya msingi, na inagawanya mzigo vizuri kabisa.

Sasa ongeza seva ya tano. Arobaini na saba kwa tano, baki 2. Ufunguo uliokuwa seva 3 sasa unatafutwa seva 2, ambako haupo. Je, ni funguo ngapi zinaponea? Chukua namba 0 hadi 19 na uzigawe moja moja, kwanza kwa 4, halafu kwa 5. Utakuta baki inalingana kwa namba 0, 1, 2 na 3 tu. Kuanzia 4 hadi 19 zote zinahama. Kutoka 20 mpangilio huo unajirudia, kwa hiyo katika kila funguo 20, zinazobaki mahali pake ni 4. Asilimia 80 zimehama kwa sababu tumeongeza mashine moja. Na kadiri seva zinavyokuwa nyingi ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya: kutoka 10 kwenda 11, zinahama karibu asilimia 91.

Anayeumia ni hifadhidata. Tuseme kache inapokea maswali 10,000 kwa sekunde na inajibu 95 kati ya kila 100, hivyo hifadhidata inaletewa 500. Dakika ile seva ya tano inapoingizwa, kati ya hayo 95 yanajibiwa 19 tu. Maswali 8,100 kwa sekunde yanaiangukia hifadhidata iliyozoea 500. Kuna tovuti zimezimika hivyo, saa ile ile mafundi walipodhani wanaziongezea nguvu.

Dawa ilikuwa imeshachapishwa miaka kumi nyuma. Mwaka 1997 David Karger na wenzake wa MIT, wakiwemo Tom Leighton na Daniel Lewin, walieleza utaratibu wa heshi thabiti. Mwaka uliofuata Leighton na Lewin walianzisha kampuni ya Akamai, ya kusambaza kurasa za mtandao kupitia seva nyingi.

Wazo lao ni kuacha kugawa kwa idadi ya seva. Badala yake, namba zote zinapangwa kwenye duara, kama uso wa saa, na seva nazo zinapewa nafasi humo kwa kupitisha majina yao kwenye heshi ile ile. Ufunguo ukishapata nafasi yake, unasonga mbele mpaka seva ya kwanza unayoikuta, na hiyo ndiyo seva yake.

Tufanye duara dogo la nafasi 0 hadi 99. Seva A imeangukia 12, B iko 37, C iko 61, na D iko 90. Ufunguo wenye nafasi 47 unasonga hadi 61: ni wa C. Wenye 70 ni wa D. Wenye 95 unapita mwisho wa duara, unaanza upya na kuikuta A. Sasa inaingia E, nayo inaangukia 75. Nini kimebadilika? Funguo za kuanzia 62 hadi 75, zilizokuwa zikisonga hadi D, sasa zinaishia E. Basi. Hakuna ufunguo uliotoka A kwenda B, wala C kwenda D. Kila kinachohama kinahamia kwa mgeni tu, ilhali kwenye ile njia ya baki hata seva za zamani zinabadilishana funguo bila sababu yoyote.

Ila tazama vizuri mfano huo. E imepata nafasi 14 na D imebakiwa na 15, huku B ikiendelea na 25 zake. Mgeni amempunguzia mzigo mtu mmoja. Kinyume chake ni kibaya zaidi: C ikizimika, funguo zake zote zinaiangukia jirani yake E peke yake, nayo ikilemewa ikazimika, mzigo unasukumwa kwa D.

Ndiyo maana hakuna anayeweka seva kwenye nafasi moja. Ketama, maktaba waliyoiandika Last.fm mwaka huo wa 2007, huipa kila seva nafasi 160 zilizotawanyika duara zima. Seva ya tano ikiingia inamega kipande kidogo hapa na kidogo pale, kutoka kwa wote wanne, hadi ipate takriban moja ya tano. Mafungu bado hayalingani sawasawa. Kwa nafasi 160, kutofautiana kwa asilimia 8 hivi ni jambo la kawaida.

Hiyo moja ya tano haiwezi kupunguzwa. Seva ikitakiwa kubeba moja ya tano ya mzigo, lazima ipelekewe moja ya tano. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba hifadhidata haitahisi kitu: kwa hesabu yetu ya awali, maswali yanayoifikia yanapanda kutoka 500 hadi 2,400 kwa sekunde, mpaka kache ijijaze upya. Inavumilika, lakini fundi makini atasubiri usiku. Atafungua amri ya `stats` ya Memcached na kuangalia kasi ya kuongezeka kwa `get_misses`, ambayo inapanda kwa muda kisha inatulia. Ikigoma kutulia, pengine programu mbili zina orodha tofauti za seva, moja imeandika jina na nyingine anwani ya namba. Kwa heshi hizo ni seva mbili tofauti, na kila programu ina duara lake.

Na kuna jambo ambalo duara haliligusi kabisa. Linagawa funguo, haligawi maswali. Wimbo mmoja ukiulizwa na nusu ya watu waliomo kwenye tovuti, ufunguo wake ni mmoja na unakaa seva moja, hata ukiongeza seva mia. Hapo inabidi nakala za ufunguo huo ziwekwe kwenye seva kadhaa kwa makusudi, au jibu lihifadhiwe kwa sekunde chache ndani ya programu inayouliza.