Barua ya Kudai Fidia ya Ndege Iliyofutwa na Usiku wa Hoteli Uliopotea

Abiria anayeliandikia shirika la ndege baada ya safari yake kufutwa na chumba cha hoteli alichokwisha kukilipia kulala bila mtu, kwa kweli ana madai matatu ndani ya barua moja. Kila dai lina sheria yake na ushahidi wake. Wengi huyachanganya yote katika malalamiko marefu yenye jumla moja ya fedha chini yake, na hapo shirika hujibu sehemu iliyo nyepesi kwake na kuzinyamazia zilizobaki.

Chukua mfano wa abiria anayeishi Ujerumani, mwenye tiketi ya kutoka Frankfurt kwenda Zanzibar, Ijumaa usiku. Saa 3 kabla ya kuondoka, ubao wa uwanjani unaonyesha kwamba ndege imefutwa. Mhudumu wa kaunta anasema kuna kifaa cha injini kimeharibika, kisha anampa nafasi katika ndege ya Jumamosi usiku. Hapewi chakula wala mahali pa kulala. Analipa mwenyewe yuro 89 za hoteli karibu na uwanja na yuro 31 za chakula. Kule Mji Mkongwe, chumba cha usiku wa Jumamosi, dola 95, kilikwisha kulipiwa kwa masharti kwamba fedha hazirudi. Anafika Zanzibar Jumapili.

Dai la kwanza ni fidia ya kiwango maalumu. Inatokana na Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, inayomlinda kila abiria anayeondoka kwenye uwanja ulio ndani ya Umoja huo, ndege iwe ya shirika la nchi yoyote. Anayeruka kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Ulaya hulindwa nayo pale tu ndege inaporushwa na shirika la Ulaya. Kiwango hufuata umbali, si bei ya tiketi: yuro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, na yuro 600 kwa safari ndefu inayozidi kilomita 3,500 kwenda nje ya Umoja. Frankfurt hadi Zanzibar ni karibu mara mbili ya umbali huo, na abiria amechelewa siku nzima, kwa hiyo anadai yuro 600 kamili. Hana haja ya kuthibitisha kwamba amepata hasara ya senti hata moja. Angekosa fedha hizo kama angejulishwa siku 14 au zaidi kabla ya safari.

Dai la pili ni huduma ya kungoja. Kanuni hiyohiyo inalitaka shirika limlishe abiria, limpe mahali pa kulala na usafiri wa kwenda huko. Lisipofanya hivyo, hurudisha alichotumia, maadamu ni cha kiasi na kina risiti. Hizi ndizo yuro 120 za Frankfurt. Wajibu huu haufutwi na dhoruba wala volkano, na fedha zake haziingizwi katika zile 600.

Ugumu uko kwenye dai la tatu, dola 95 za Mji Mkongwe. Kanuni ya 261 haiutaji kabisa usiku wa hoteli uliopotea mwisho wa safari. Dai hilo husimama juu ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania nazo ni wanachama. Ibara ya 19 inalibebesha shirika hasara iliyotokana na kuchelewa, isipokuwa likithibitisha kwamba lilifanya kila lililotarajiwa kwa haki ili kuizuia. Hapa hasara lazima ionyeshwe: uthibitisho wa kukodi chumba, malipo yaliyotoka benki, na jibu la hoteli kwamba fedha hazirudi wala tarehe haisogezwi. Jibu hilo ndilo karatasi inayosahaulika kuliko zote. Abiria ambaye hakuipigia hoteli simu kuomba tarehe isogezwe huulizwa kwa nini aliiacha hasara itokee.

Hata likithibitishwa, huenda dai hilo lisiongeze fedha mkononi. Ibara ya 12 ya Kanuni ya 261 inaruhusu fidia ya kiwango maalumu ikatwe kutoka katika fidia ya ziada, na mwezi Agosti 2019 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua hivyo kuhusu gharama za hoteli na gari la kukodi. Kwa abiria wetu, dola 95 humezwa na yuro 600, na anaondoka na yuro 720 kwa jumla. Lakini kuliacha dai hilo nje ya barua ni kosa. Kama hoteli ingekuwa ya yuro 900, tofauti ya 300 ingekuwa haki yake. Na endapo shirika litaponyoka katika zile 600, dai la hoteli hubaki limesimama kwa mguu wake.

Barua yenyewe huwa fupi. Huandikiwa shirika lililokuwa lirushe ndege, hata kama tiketi iliuzwa na jingine. Baada ya namba ya tiketi, namba ya safari na tarehe, kiini chake kinaweza kuwa hivi:

"YAH: MADAI YA FIDIA, SAFARI YA FRANKFURT KWENDA ZANZIBAR ILIYOFUTWA. Nilijulishwa saa 3 kabla ya kuondoka. Nilifika siku moja baadaye. Nadai: (1) yuro 600 kwa Ibara ya 7 ya Kanuni 261/2004, (2) yuro 120 za malazi na chakula kwa Ibara ya 9, risiti zimeambatishwa, (3) dola 95 za chumba kisichotumika, kwa Ibara ya 19 ya Mkataba wa Montreal, uthibitisho umeambatishwa. Naomba malipo kwa akaunti ya benki ndani ya siku 14. Kama mnadai kulikuwa na hali isiyo ya kawaida, naomba mnieleze ni ipi na mlifanya nini kuikwepa."

Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa, kwa kuwa jibu linalotarajiwa ni hilohilo: "hali isiyo ya kawaida". Mzigo wa kuthibitisha ni wa shirika. Katika shauri la abiria mmoja dhidi ya Alitalia, lililoamuliwa Desemba 22, 2008, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema ubovu wa kiufundi, kwa kawaida, ni sehemu ya kazi ya kila siku ya shirika la ndege na hauliondolei wajibu. Ndege ya abiria huyo nayo ilikuwa na hitilafu ya injini. Shirika likitaja dhoruba badala ya injini, picha ya ubao wa uwanjani inayoonyesha ndege nyingine zikiondoka saa ileile humsaidia sana abiria, na vilevile jina la mhudumu na maneno aliyoyasema, yakiandikwa papo hapo.

Jibu jingine la kawaida ni vocha ya safari ijayo. Fidia ya Kanuni ya 261 hulipwa kwa fedha, na vocha hukubalika pale tu abiria anapoweka saini kwamba ameridhia. Kwa hiyo kitufe cha kukubali kwenye ukurasa wa shirika kisibonyezwe kwa haraka. Shirika likikaa kimya miezi 2, abiria wa Ujerumani anaweza kupeleka madai kwenye chombo cha usuluhishi bila kulipa ada, kisha mahakamani. Madai ya 261 huko hudumu miaka 3, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka wa safari. Dai la hoteli, kwa kuwa ni la Montreal, hufa baada ya miaka 2 tu tangu siku ya kufika, na barua pekee haiisimamishi saa hiyo. Kinachotakiwa ni kesi iwe imefunguliwa.