Keloidi ya Sikio: Kwa Nini Kuikata Peke Yake Hakutoshi

Keloidi ni kovu nene, gumu na lenye kung'aa ambalo haliishii kwenye mipaka ya kidonda kilicholizaa, bali hutambaa hadi kwenye ngozi ya jirani ambayo haikujeruhiwa. Baada ya kutoga masikio, hutokea zaidi kwenye ndewe, mara nyingi upande wa nyuma, pale nyama ya hereni inapobana. Tundu lenyewe ni dogo kama la sindano, lakini uvimbe unaotokana nalo unaweza kuwa mkubwa kuliko ndewe yenyewe.

Ngozi inapotobolewa, mwili hutengeneza nyuzi za protini iitwayo kolajeni ili kuziba pengo. Kwa kawaida kazi hiyo hupungua kidonda kinapofunga, na katika miezi inayofuata kovu hulainika na kuwa bapa. Kwenye keloidi, chembe zinazotengeneza kolajeni haziachi kazi. Huendelea kuzalisha nyuzi nene zisizo na mpangilio hata baada ya kidonda kupona kabisa kwa macho. Kwa hiyo keloidi si jipu wala saratani, na haiambukizi. Ni uponaji usiojua kikomo.

Mtu yeyote anaweza kuipata, ila huwapata zaidi wenye ngozi nyeusi, hasa kati ya umri wa miaka 10 na 30. Hurithiwa pia: mzazi au ndugu wa tumbo moja akiwa nayo, hatari huongezeka. Umri wa kutogwa nao una uzito wake. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa waliotogwa wakiwa na miaka 11 au zaidi walipata keloidi mara nyingi kuliko waliotogwa wakiwa wadogo zaidi.

Si kila uvimbe wa sikio lililotogwa ni keloidi, na muda ndio hutoa dalili ya kwanza. Uvimbe unaotokea ndani ya siku au wiki chache, ukiwa wa moto, wenye maumivu na usaha, ni maambukizi na hutibiwa hivyo. Kovu lililonenepa la kawaida huanza mapema, hubaki kwenye mstari wa kidonda, na linaweza kupungua lenyewe kadiri miezi inavyopita. Keloidi huchelewa. Aghalabu huonekana miezi mitatu au zaidi baada ya kutogwa, wakati mwingine hata baada ya mwaka. Huanza kwa kuwasha na ugumu mdogo unaohisiwa kwa vidole, kisha huvuka mipaka ya tundu na kuendelea kukua. Ni nadra sana kunywea yenyewe.

Mfano wa kawaida ni wa msichana wa miaka 16 aliyetogwa masikio yote mawili. Matundu yanapona vizuri ndani ya wiki sita. Mwezi wa nne, nyuma ya ndewe ya kulia kunaanza kuwasha, kisha kunaota kijinundu kigumu. Anaendelea kuvaa hereni. Baada ya mwaka, nundu imefikia ukubwa wa punje ya karanga. Inakatwa, inashonwa, nyuzi zinatolewa, naye anarudi nyumbani bila miadi nyingine. Miezi mitano baadaye nundu imerudi, safari hii ikiwa kubwa kuliko ile ya kwanza.

Kosa hapo halikuwa kukata, bali kukata na kuishia hapo. Kisu hutoa kovu lililopo, lakini chenyewe huacha kidonda kipya, tena kirefu kuliko tundu la hereni, kwenye ngozi ileile inayoponya kupita kiasi. Ndiyo maana keloidi zilizokatwa bila tiba ya ziada hurudi kwa takriban nusu ya wagonjwa, na katika baadhi ya tafiti zilirudi kwa karibu wote.

Kwa keloidi ndogo, tiba ya kwanza huwa sindano ya dawa ya triamsinoloni, aina ya steroidi, inayochomwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki nne hadi sita. Dawa hupunguza utengenezaji wa kolajeni, na baada ya sindano kadhaa kovu hulainika, huacha kuwasha na kupungua unene. Sindano inauma kwa sababu kovu ni gumu. Dawa ikizidi au ikichomwa nje ya kovu, ngozi inaweza kuwa nyembamba au kubadilika rangi na kuwa nyeupe kwa miezi kadhaa. Baadhi ya madaktari wa ngozi hugandisha kovu kwanza kwa naitrojeni ya kimiminika, ingawa njia hiyo nayo inaweza kuacha doa jeupe kwenye ngozi nyeusi.

Keloidi kubwa hukatwa, lakini mpango wa baada ya upasuaji hupangwa kabla ya kisu kushikwa. Kwa msichana yule, tiba kamili ingekuwa hivi: nundu inakatwa, sindano ya triamsinoloni inachomwa kwenye kingo za kidonda siku hiyo au nyuzi zinapotolewa, kisha inarudiwa kila mwezi kwa miezi kadhaa. Kidonda kikishafunga, anavaa hereni maalumu ya kubana, yenye vibapa viwili vinavyokandamiza ndewe mbele na nyuma bila kuitoboa, kwa saa 12 au zaidi kila siku, kwa miezi sita na kuendelea. Mkandamizo unapaswa kuhisiwa bila kuuma. Ndewe ikibadilika rangi au kufa ganzi, hereni imebana mno. Keloidi sugu huweza kupigwa mionzi ndani ya siku moja au mbili baada ya kukatwa, ila tiba hiyo huepukwa kwa watoto na wajawazito. Baada ya hapo sikio hukaguliwa kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na ni bora miaka miwili, kwa kuwa keloidi inaweza kurudi kwa kuchelewa.

Tiba za nyumbani huharibu zaidi. Kufunga nundu kwa uzi ili ikatike, kuichoma kwa chuma cha moto, kuipaka tindikali au kuitumbua kwa sindano ni kujeruhi upya ngozi isiyojua kuacha kupona.

Kinga ya uhakika kwa mtu aliyewahi kupata keloidi, au ambaye mzazi au ndugu yake anayo, ni kutotoga kabisa na kuvaa hereni za kubana. Familia inayotaka kumtoga binti hufanya vyema kutongoja hadi miaka ya ujana. Kutoga kufanyike kwenye ndewe, si kwenye gegedu la juu ya sikio, kwa sindano mpya safi na hereni isiyo na nikeli, madini yanayowadhuru wengi. Tundu lisafishwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo hadi lipone, na maambukizi yatibiwe upesi, maana kidonda kinachochelewa kupona hulichochea kovu.

Anayehisi ndewe inaanza kuwa nene au kuwasha miezi baada ya kutogwa atoe hereni mara moja, aanze kuvaa hereni ya mkandamizo na amwone daktari wa ngozi nundu ingali ndogo. Na yeyote anayeshauriwa kukatwa keloidi aulize swali moja kabla ya kukubali: baada ya kukatwa, nitapewa tiba gani, na kwa muda gani? Pasipo jibu la wazi, ni heri kutafuta daktari mwingine kuliko kukatwa.