Bondi za Washington na Riba ya Nunguni
Sehemu ya tatu: Benki kuu inaponunua deni

Katika sehemu mbili zilizopita tulitazama jinsi Hazina ya Taifa inavyokopa kwa mnada na jinsi Benki Kuu ya Kenya inavyouendesha mnada huo. Baada ya makala ya pili, mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Nunguni alinifungulia simu yake anionyeshe bondi ya miundomsingi aliyonunua Februari 2024 kupitia mtandao wa DhowCSD. Bondi hiyo ina riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka. Kwa kila shilingi 100,000 alizoweka, anaingiziwa takriban shilingi 9,230 kila baada ya miezi sita. Alitaka kujua kwa nini serikali ilikubali kumlipa riba kubwa namna hiyo, na kwa nini minada ya mwaka uliofuata ikawa inatoa riba ya chini zaidi.

Sehemu ya jibu iko Nairobi. Sehemu nyingine iko Washington, na hiyo ndiyo inayoeleweka kwa uchache vijijini kwetu.

Tuanze na bei ya bondi, kwa kuwa mambo yote yanaegemea hapo. Chukua bondi ya shilingi 100,000 inayolipa shilingi 12,000 kila mwaka, na imebakiza miaka 10 kabla ya kukomaa. Malipo hayo hayabadiliki hata iweje. Kinachobadilika ni bei ambayo mtu mwingine yuko tayari kuinunulia. Wanunuzi wakiridhika na mapato ya asilimia 10 kwa mwaka, watailipia karibu shilingi 112,300. Wakidai asilimia 14, hawatatoa zaidi ya shilingi 89,600 hivi. Bei ikipanda, mapato ya mnunuzi mpya yanashuka. Bei ikishuka, mapato yanapanda. Kwa hiyo yeyote mwenye uwezo wa kupandisha bei ya bondi zilizopo sokoni anashusha pia riba ambayo serikali italipa kwenye mkopo wake unaofuata.

Mwishoni mwa mwaka 2008, benki kuu ya Marekani, ijulikanayo kama Fed, ilikuwa imeshusha riba yake ya muda mfupi hadi karibu na sifuri, na bado uchumi ulikuwa unazama. Riba ya muda mfupi haikuwa na pa kushuka tena. Ndipo ikageukia riba za muda mrefu, zile zinazoamua gharama ya mkopo wa nyumba au wa kiwanda, kwa kununua bondi zenyewe. Haikuzinunua moja kwa moja kutoka kwa hazina ya nchi yake, bali kutoka sokoni, kwa mabenki na wafanyabiashara wa dhamana. Malipo yake hayakuwa noti za kubeba kwa gunia. Fed iliandika tu tarakimu mpya katika akaunti ambazo mabenki yanazo kwake. Benki ilitoa bondi, ikapokea akiba.

Tarehe 18 Machi 2009 ilipotangaza kwamba itanunua bondi za serikali za dola bilioni 300, mapato ya bondi ya miaka 10 ya Marekani yalishuka siku hiyohiyo kutoka karibu asilimia 3 hadi karibu asilimia 2.5, kabla hata ununuzi wenyewe haujaanza. Soko hupandisha bei kwa kile linachotarajia. Ndiyo maana pia Mei 2013, mwenyekiti wa Fed Ben Bernanke alipodokeza tu kwamba ununuzi huenda ukapunguzwa, bondi zilianza kuporomoka dunia nzima. Kufikia mwisho wa mwaka huo mapato ya ile bondi ya miaka 10 yalikuwa yamerudi asilimia 3.

Sasa mfikirie msimamizi wa mfuko wa pensheni kule London au Boston. Ameuza bondi zake kwa bei nzuri na ana fedha mkononi, lakini bondi nyingine za Marekani zinamlipa kidogo mno kuweza kutimiza ahadi aliyowapa wastaafu wake. Anatafuta kwingine: hisa, bondi za makampuni, bondi za nchi zinazoendelea. Mahitaji yake yanapandisha bei za hizo nazo. Kwa njia hiyo, ununuzi uliofanyika Marekani ulifika Kenya.

Juni 2014, Fed ikiwa inapunguza ununuzi wake lakini haijauacha, Kenya ilikwenda soko la nje kwa mara ya kwanza kuuza Yurobondi. Ilikopa dola bilioni 2, ingawa wawekezaji walikuja na maombi ya zaidi ya dola bilioni 8. Sehemu ya miaka 10, dola bilioni 1.5, ilipatikana kwa riba ya asilimia 6.875. Hiyo ni karibu dola milioni 103 kila mwaka. Kwa shilingi 87 hivi kwa dola, wakati ule ilikuwa kama shilingi bilioni 9.

Deni hilo lilikuwa likomae Juni 2024, na hali ya dunia ilikuwa imegeuka. Baada ya ununuzi mkubwa zaidi wa wakati wa korona, bei za bidhaa zilipanda Marekani. Fed ikaongeza riba yake hadi zaidi ya asilimia 5, na kuanzia Juni 2022 ikaacha bondi ilizokuwa nazo zipungue. Yule msimamizi wa pensheni aliweza tena kupata mapato ya maana nyumbani kwake. Kenya ilipanga kuuza Yurobondi nyingine mwaka huohuo wa 2022, ikaahirisha kwa sababu riba iliyodaiwa ilikuwa haivumiliki. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa imefika karibu shilingi 160, na watu walikuwa wakiuliza waziwazi kama Kenya italipa. Riba ileile ya dola milioni 103, kwa kiwango hicho, ni zaidi ya shilingi bilioni 16.

Februari 2024 serikali ilikopa upya dola bilioni 1.5 ili inunue sehemu kubwa ya deni la zamani kabla halijakomaa. Safari hii wawekezaji walidai mapato ya asilimia 10.375.

Hapa wengi husema Fed ndiyo iliyotupandishia riba. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja, na hesabu inasaidia. Juni 2014 serikali ya Marekani ilikuwa ikikopa kwa karibu asilimia 2.6 kwa miaka 10. Februari 2024 ilikuwa ikikopa kwa kama asilimia 4.2. Katika ongezeko letu la asilimia 3.5, basi, kama 1.6 ilitokana na Marekani wenyewe. Iliyobaki, karibu 1.9, ni nyongeza ya wasiwasi juu ya Kenya na nchi zinazofanana nayo. Ni kweli kwamba fedha zikiwa nyingi duniani wasiwasi huo nao hupungua, kwa hiyo mstari baina ya sehemu hizo mbili si mnyoofu. Hata hivyo madeni tuliyoyaongeza kati ya 2014 na 2024 ni yetu, hakuna aliyetukopea.

Nirudi sasa kwa mwalimu. Bondi yake iliuzwa mwezi uleule wa Februari 2024. Serikali haikuwa na mkopo rahisi kutoka nje, shilingi ilikuwa inadhoofika, na Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 13 ili kuitetea. Kila aliyekuwa na akiba alijua Hazina inamhitaji, ndiyo sababu riba ikafika 18.46. Yurobondi mpya ilipopatikana, hofu ya kushindwa kulipa ikatulia, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 130. Baadaye Benki Kuu ikaanza kushusha riba, na minada ikashuka nayo. Bondi ya mwalimu sasa ina thamani zaidi ya alichotoa, kwa sababu ileile tuliyoiona kwenye mfano wa shilingi 112,300. Akiiuza leo atapata faida. Akiishikilia ataendelea kupokea 9,230 zake.

Jirani yake mwenye parachichi kwenye matuta ya Kilungu, aliyetaka mkopo wa tangi la maji na mabomba mwaka huo wa 2024, alikuwa upande wa pili wa hesabu hiyohiyo. Wastani wa riba ya mikopo ya mabenki nchini ulikuwa karibu asilimia 17. Benki inayoweza kuikopesha serikali kwa 18 bila usumbufu haina haraka ya kumkopesha mkulima kwa chini ya hapo. Na bondi hana, kwa hiyo bei yake ikipanda yeye haoni chochote.

Swali linalofuata ni kwa nini Benki Kuu ya Kenya nayo isinunue bondi hivyo ili kushusha riba. Machi 2020, korona ilipoingia, ilichagua njia nyingine: ilipunguza akiba ya lazima ya mabenki kutoka asilimia 5.25 hadi 4.25, hatua iliyoachilia shilingi bilioni 35.2, na ikashusha riba yake. Riba yake ilikuwa bado na nafasi ya kushuka, tofauti na ile ya Fed ya mwaka 2008. Zaidi ya hayo, dola ni akiba ya dunia nzima, na mataifa huendelea kuishika hata Fed ikiiongeza. Shilingi haina bahati hiyo. Mabenki yakijazwa shilingi mpya kwa wingi, sehemu yake itakimbilia dola, na hapo mafuta, mbolea na ngano tunavyoviagiza kutoka nje vitapanda bei kabla mkulima wa parachichi hajaiona nafuu ya riba. Jinsi shilingi inavyopata bei yake katika soko la fedha za kigeni ndiyo mada ya sehemu ya nne.