Sabini, Arobaini, Sabini: Kuikagua Jumla ya Kikokotoo kwa Kichwa

Ankara ya duka la jumla kwa kawaida hujumlishwa kwa haraka, kwenye kikokotoo cha mezani, huku wateja wengine wakisubiri nyuma. Kikokotoo chenyewe hakikosei kujumlisha. Kinachokosea ni kidole: kimeacha sifuri moja, kimeruka mstari, au kimebonyeza kitufe cha 00 badala ya 0. Mashine hujumlisha kwa uaminifu kile ilichopewa, na jibu lenye kosa hutokea kwenye kioo likiwa na sura ileile ya jibu sahihi.

Njia ya kulikagua tulifundishwa wengi wetu shule ya msingi. Kila bei unaipeleka kwenye elfu au elfu kumi iliyo karibu nayo, unajumlisha kichwani, kisha unalinganisha na jibu la mashine. Somo huishia hapo, na kwa maoni yangu limekatwa kabla ya sehemu yake muhimu kuliko zote. Ni nadra makadirio kulingana na jibu kamili. Karibu kila mara tofauti huwepo. Je, tofauti ya kiasi gani ni ya kawaida, na ya kiasi gani inaonyesha kosa? Asiyejua hilo hana la kufanya na makadirio yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti wa Kimarekani Robert Reys na wenzake waliwapa watu hodari wa kukadiria kikokotoo kilichotegeshwa kwa siri kitoe majibu ya uongo. Wengi waliendelea kuyapokea majibu hayo kwa muda ingawa makadirio yao wenyewe yalikuwa yakisema vingine. Kukadiria walijua. Walichokosa ni sababu ya kuyaamini makadirio yao kuliko mashine.

Sababu hiyo ipo, na inapatikana kwa hesabu nyepesi. Tuchukue ankara hii ya mfano, kwa shilingi za Tanzania:

Mchele, 68,500
Unga wa sembe, 36,800
Sukari, 71,200
Mafuta ya kupikia, 54,300
Sabuni ya mche, 27,400
Chumvi, 9,600
Majani ya chai, 18,700
Viberiti, 6,300
Maharage, 47,900
Tambi, 22,800

Kipimo chetu kiwe elfu kumi. Kama tarakimu ya elfu ni 5 au zaidi, bei inapanda. Kama ni 4 au chini yake, inashuka. Sifuri za elfu tunaziacha kama tunavyoziacha tukizungumza, kisha tunashuka na orodha: sabini, arobaini, sabini, hamsini, thelathini, kumi, ishirini, kumi, hamsini, ishirini. Wepesi zaidi ni kutamka jumla inavyokua: sabini, mia na kumi, mia na themanini, mia mbili thelathini, na kuendelea hadi mia tatu na sabini. Makadirio yetu ni 370,000. Fanya hivi kabla hujatazama kioo. Ukishaliona jibu la mashine, akili huanza kuvutwa kulielekea, na bei iliyo katikati utaipandisha au kuishusha upande unaolipendelea jibu hilo bila wewe kujua.

Jumla kamili ya ankara hii ni 363,500. Tumekosea kwa 6,500 tu, ingawa bei nyingine tuliziburuza mbali: mafuta tumeyapunguzia 4,300, viberiti tumeviongezea 3,700. Kilichotokea ni kwamba bei saba zilipanda na tatu zikashuka. Zilizopanda zimeongeza 14,800, zilizoshuka zimepunguza 8,300, na kilichobaki baada ya kufutana ni hizo 6,500.

Kufutana huku kunatupa mipaka miwili. Wa kwanza ni wa nje kabisa. Hakuna bei inayosogea zaidi ya nusu ya kipimo, yaani 5,000, kwa hiyo mistari kumi haiwezi kukengeuka zaidi ya 50,000 hata kama yote ingeelekea upande mmoja. Jibu la mashine likiwa mbali na makadirio yako kupita hapo, kuna kosa kwa hakika: la mashine kulishwa vibaya au lako la kukadiria.

Mpaka wa pili ndio wenye manufaa zaidi kila siku. Kwa kuwa baadhi ya bei hupanda na nyingine hushuka, mkengeuko hauongezeki sambamba na idadi ya mistari. Hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Katika takwimu, mkengeuko wa kawaida wa mistari 12 unatoka sawasawa na kipimo kimoja, na wa mistari 48 unatoka vipimo viwili. Kwa hiyo, ankara yenye mistari kumi hivi iliyokadiriwa kwa elfu kumi hutarajiwa kukengeuka kwa kiasi cha elfu kumi. Ikifika elfu ishirini si ajabu. Ikifika elfu thelathini ni jambo la nadra, na ni haki yako kusimama na kusema hesabu irudiwe.

Mpaka huu wa pili unategemea sharti moja: kupanda na kushuka kuwe kwa bahati. Maduka makubwa huvunja sharti hilo kwa makusudi ya biashara, maana bei zake nyingi ni za mtindo wa 4,950 au 9,900, na ukikadiria kwa elfu zote hupanda. Bei hazifutani tena; makadirio yako yatakuwa juu ya jumla halisi kila mara, ingawa kidogo. Hatari kubwa zaidi iko kwenye vitu vidogo. Bei ya 3,500 ikipelekwa kwenye elfu kumi iliyo karibu inakuwa sifuri. Vitu vinane vya namna hiyo ni 28,000 ambazo zimetoweka kwenye makadirio yako bila kelele, halafu unamlaumu muuzaji kwa kukuzidishia. Vitu vidogo visikadiriwe kimoja kimoja. Viunganishe viwili au vitatu mpaka vikaribie elfu kumi, hesabu kumi moja, endelea.

Sasa turudi kwenye ankara yetu tuone makosa yenyewe.

Tuseme kwenye mafuta kidole kimeacha sifuri moja, na badala ya 54,300 mashine imepewa 5,430. Kioo kitasoma 314,630. Makadirio ni 370,000. Tofauti ni 55,370, nje hata ya mpaka ule wa kwanza. Hapa hakuna mjadala. Kuna dalili nyingine ambayo haihitaji hata kukadiria: bei zote za ankara hii zinaishia na sifuri mbili, hivyo jumla yake haiwezi kuishia na 30. Hiyo ni alama ya sifuri iliyopotea, nayo huonekana kwa kutupa jicho tu.

Kosa la pili: mstari wa tambi umerukwa. Mashine inasoma 340,700, na mwisho wake ni sifuri mbili kama inavyotakiwa. Tofauti na makadirio ni 29,300. Hatujavuka 50,000, kwa hiyo mpaka wa kwanza unanyamaza, lakini wa pili unapiga kelele: karibu vipimo vitatu. Hapo usibishane bado. Punguza kipimo. Kadiria upya kwa elfu badala ya elfu kumi: 69, 37, 71, 54, 27, 10, 19, 6, 48, 23. Inatoka 364, yaani 364,000, na safari hii mpaka wa nje ni 5,000 tu. Jibu la 340,700 liko chini kwa 23,300, na sasa kosa ni dhahiri. Tena tofauti yenyewe inaelekeza mahali pa kutazama: ni kiasi kilicho karibu sana na bei ya mstari mmoja, 22,800. Mstari ukirukwa, jumla hupungua kwa bei yake. Ukiingizwa mara mbili, huongezeka kwa bei yake. Ikibonyezwa alama ya kutoa badala ya kujumlisha, jumla hupungua kwa bei hiyo mara mbili, kwa hiyo gawa tofauti kwa mbili kabla ya kuitafuta kwenye orodha.

Kosa la tatu ni lile ambalo makadirio hayalioni, na ni vizuri kulijua mapema. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi: unga wa 36,800 umeingizwa kama 38,600. Mashine inasoma 365,300. Ukilinganisha na 370,000 mambo ni shwari. Ukilinganisha na 364,000, tofauti ni 1,300, inayotarajiwa kabisa kwa kipimo cha elfu. Shilingi 1,800 zimezidi na makadirio yote mawili yamepitisha jibu. Ungeweza kupunguza kipimo hadi mia, lakini bei hizi zote zinaishia kwenye mia, kwa hiyo huko siyo kukadiria tena bali ni kujumlisha ankara nzima kichwani.

Kosa la aina hii hukamatwa kwa kuijumlisha ankara mara ya pili kwenye mashine, kuanzia mstari wa chini kwenda juu. Ukirudia kwa mpangilio uleule wa kwanza, jicho na kidole huelekea kurudia pia kosa lilelile. Mara ya pili itatoka 363,500, na sasa una majibu mawili yanayotofautiana kwa 1,800 bila kujua lipi ni sahihi. Gawa tofauti hiyo kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi, kwa sababu tarakimu mbili jirani zikibadilishana tofauti huwa siku zote ni kigawe cha 9. Sifuri iliyopotea nayo hutoa kigawe cha 9: zile 48,870 zilizopungua kwenye mafuta, ukizigawa kwa 9, zinatoa 5,430, namba yenyewe iliyobonyezwa kimakosa. Ni kweli kwamba tofauti moja kati ya tisa itagawanyika kwa bahati tu, kwa hiyo hii ni shuku, si ushahidi.

Lakini 1,800 kwa 9 ni 200, na hiyo 200 inasema mengi. Sifuri zake mbili zinaonyesha kwamba zilizobadilishana ni tarakimu ya elfu na ya mia. Ile 2 inaonyesha kwamba tarakimu hizo zinapishana kwa mbili. Kama jibu la kwanza ndilo lililozidi, basi kwenye bei halisi tarakimu ya mia ndiyo kubwa. Pita kwenye ankara ukitafuta bei ya namna hiyo: kati ya mistari kumi, inapatikana kwenye miwili tu, unga wa 36,800 na maharage ya 47,900.