Petroli Ikimwagika Barabarani, Imekwenda Wapi?

Lori la mafuta linapopinduka, macho ya watu wote huelekea kwenye tangi. Ndivyo ilivyokuwa Msamvu, mjini Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo petroli iliwaka ghafla huku watu wakiichota, na waliopoteza maisha wakazidi 100. Hata hivyo, ipo hatari ya pili isiyoonekana kutoka barabarani. Petroli iliyoingia mtaroni huondoka kimya kimya na kuwafikia wakazi ambao hata habari ya ajali hawajaisikia. Makala haya yanaeleza jinsi petroli hiyo inavyokadiriwa, inavyofuatiliwa na inavyozuiwa. Mfano tunaoutumia si wa ajali fulani iliyotokea; umejengwa kwa vipimo vinavyokaribiana na vya malori na mitaro tunayoiona kila siku.

Tuseme lori limelala ubavu kwenye kona, likiwa limebeba lita 36,000 za petroli. Wengi hudhani tangi ni chombo kimoja, na kwamba likitoboka hutoka yote. Sivyo. Ndani limegawanywa katika vyumba, na kila chumba kina mfuniko wake juu na valvu yake chini. Lori letu lina vyumba sita vya lita 6,000 kila kimoja. Chumba kimoja kimechanwa na ukingo wa barabara, nacho kimebaki kitupu. Kingine kinavuja kwenye mfuniko. Vinne vilivyosalia ni vizima.

Katika saa ya kwanza hakuna anayeweza kutaja kiasi kilichomwagika kwa uhakika, na anayetaja huwa anabahatisha. Kinachojulikana ni ukomo tu: kwa kuwa vyumba vinavyovuja ni viwili, kilichotoka hakiwezi kuzidi lita 12,000. Hesabu kamili huja baadaye, mafuta yaliyobaki yanapohamishiwa katika lori jingine kwa pampu maalumu. Kazi hiyo hufanywa kabla ya kuliinua lililoanguka, maana kuliinua likiwa na shehena huweza kupasua hata vyumba vizima. Katika mfano wetu, vyumba vinne vinatoa lita 24,000, na chumba kinachovuja kinatoa 3,800. Jumla ni lita 27,800. Ukizitoa katika 36,000 za hati ya shehena, zilizomwagika ni lita 8,200.

Sasa huulizwa swali lililo gumu zaidi: lita hizo ziko wapi? Dimbwi la barabarani lina eneo la takriban mita za mraba 250 na kina cha milimita 4, yaani lita 1,000. Mtaro wa zege ulio kando ya barabara umejaa kwa urefu wa mita 100. Upana wake ni nusu mita, na kina cha petroli ni wastani wa sentimita 8. Hizo ni lita 4,000. Kwa hiyo zilizoonekana ni lita 5,000, na 3,200 hazijulikani zilipo.

Lita hizo 3,200 ndizo zinazopaswa kumnyima usingizi mhandisi wa halmashauri. Sehemu yake imegeuka mvuke, kwa kuwa petroli hukauka upesi, hasa juani. Lakini si busara kuulaumu upepo kwa zote. Mtaro wa zege una nyufa, na mbele yake lipo kalavati linalopita chini ya barabara na kumwaga maji katika mtaro wa udongo unaoelekea korongoni. Ikiwa mifuko ya mchanga iliwekwa baada ya nusu saa, petroli ya mwanzo ilikwisha kupita. Ndiyo maana wakaguzi huifuata njia ya maji hadi mwisho wake, hata kama barabarani hapanuki tena.

Mtaro uliofunikwa kwa mabamba ndio wa kuogopwa zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini ukitafuta mahali palipoinama. Ndani ya mtaro wenye mfuniko haupeperushwi, na unatosha kuwaka hata ukiwa sehemu moja na nusu tu katika mia ya hewa. Juu ya mabamba hayo hayo ndipo tulipozoea kuweka majiko ya mkaa ya mama lishe na ya wakaanga chipsi. Jiko lililo mita 200 kutoka kwenye ajali linaweza kuuwasha mvuke uliolifikia kwa chini, na moto ukarudi kwa njia hiyo hiyo hadi kwenye lori. Kwa sababu hiyo, tangazo la kuzima majiko na kutowasha pikipiki hupelekwa kwanza kwa wanaoishi upande mtaro unakoteremkia, kisha kwa wengine. Pua si kipimo cha kutosha. Askari wa zimamoto huteremsha katika matundu ya mtaro kifaa cha kupimia mvuke unaowaka.

Kosa linalofanywa kwa nia njema ni kuisafisha barabara kwa maji. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake na kusafiri nayo. Anayemwaga maji huwa anaisindikiza petroli mtaroni. Zimamoto hufunika dimbwi kwa povu maalumu ili kuuzuia mvuke usipande, kisha mchanga mkavu hutumika kuinyonya. Maranda hayafai, kwani yenyewe ni kuni.

Mtaroni kizuizi hujengwa mbele ya petroli, si nyuma yake. Mtaro ukiwa mkavu, mifuko ya mchanga iliyopangwa kwa kubanana inatosha. Ukiwa na maji yanayotembea, ukuta mzima utafurika na petroli itapita juu. Hapo hulazwa bomba ndani ya ukuta wa mchanga: mdomo unaopokea maji huzamishwa karibu na sakafu ya mtaro, na mdomo wa kutolea huinuliwa. Maji ya chini hupita, petroli iliyo juu hubaki. Ni lazima mtu aulinde ukuta huo, kwa sababu kina cha maji kikishuka hadi kwenye mdomo wa bomba, petroli nayo hupita. Tena ukuta huo hauzuii sehemu ya petroli iliyokwisha kuyeyuka ndani ya maji.

Sehemu hiyo ndiyo inayotishia visima vilivyo kando ya mtaro wa udongo. Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, nayo hupenya ardhini pamoja na maji. Kuyachemsha maji ya namna hiyo si dawa. Mvuke wake huwafikia wanaopika. Visima vya jirani hufungwa siku hiyo hiyo, na hata vikikosa harufu havifunguliwi mpaka sampuli zipimwe maabara, kisha zipimwe tena baada ya mvua, kwa kuwa mvua huisukuma petroli iliyojificha udongoni. Mchanga uliolowa petroli haupelekwi kwenye dampo la kawaida. Huwekwa juu ya turubai na kufunikwa, mbali na moto, hadi mamlaka ya usimamizi wa mazingira itakapoelekeza pa kuupeleka.

Mkazi anayesikia harufu ya petroli mtaroni, hata kama hajaona lori lolote, apige simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, akiwa amesimama mbali na mtaro huo. Ataje mtaro ulipo na upande maji yanakoelekea.