Kutoka Skrinshoti Hadi Kadi: Jibu Sahihi Mgongoni mwa Swali Lake

Mtoto wa Ifakara anayemaliza darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali amesoma sayansi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, figo ile ile aliyoichora mwaka jana inageuka kuwa `kidney`, na mwalimu haachi kufundisha ili kumsubiri azoee. Hapo ndipo orodha za maneno zinapoanza kuzunguka kwenye simu za wazazi: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, mara nyingi zikiwa skrinshoti iliyopigwa kutoka skrinshoti nyingine. Zikifuatwa na picha za maswali ya kuchagua, mzazi ana kila kitu mkononi, ila mtoto hana cha kufanya nazo zaidi ya kuzitazama.

Na kutazama hakutoshi. Katika orodha, jibu limekaa ubavuni mwa swali. Jicho hulifikia kabla kichwa hakijahangaika. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na wale waliokisoma kisha wakajipima kwa kukikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka zaidi. Kadi yenye swali mbele na jibu nyuma inamlazimisha mtoto kufanya hicho hicho, yaani atafute jibu kichwani kabla ya kuigeuza kadi.

Kwa kuwa shule nyingi za sekondari haziruhusu simu, kadi inayomfaa mwanafunzi huyu ni ya karatasi. Kazi ina sehemu tatu: kuyatoa maandishi kwenye picha, kuyapanga swali na jibu, na kuyachapa ili kila jibu liangukie mgongoni mwa swali lake. Ya kwanza na ya tatu ndizo zinazoharibu kazi nyingi.

Skrinshoti ni picha, hata kama inaonyesha maneno. Programu ya Google Lens, au nyingine yoyote ya kusoma maandishi, huyatambua maumbo ya herufi na kukupa maneno unayoweza kunakili. Chukua orodha hii ya maneno manane ya Baiolojia, ambayo mwanafunzi atakutana nayo mapema:

```
liver;ini
lung;pafu
kidney;figo
spleen;bandama
bone;mfupa
skin;ngozi
cornea;konea
brain;ubongo
```

Hivi ndivyo inavyotakiwa kutoka, jozi moja kila mstari. Mara nyingi haitoki hivyo. Picha ikiwa na safu mbili zilizoachana, programu huweza kuisoma safu ya kushoto yote hadi chini, halafu ndiyo ianze ya kulia. Unapata maneno manane ya Kiingereza yakifuatwa na manane ya Kiswahili. Hilo lenyewe si baya, maana unaweza kuzibandika safu mbili upya katika jedwali la Excel au Google Sheets. Hatari ni pale neno moja lililofifia linaporukwa. Likirukwa `bone` upande wa kushoto, `skin` itakutana na mfupa, `cornea` na ngozi, na kila jozi iliyo chini yake itakuwa ya uongo huku ukurasa ukionekana nadhifu kabisa. Kwa hiyo kabla ya kusoma jozi yoyote, hesabu mistari ya pande zote mbili, kisha tazama jozi ya mwisho. Hesabu ikilingana na `brain` ikiwa imekaa na ubongo, uwezekano wa safu kuteleza umepungua sana, ingawa bado utazipitia jozi zote moja moja.

Kosa la pili ni la herufi. Herufi `r` na `n` zikikaribiana hufanana na `m`, hivyo `cornea` hutoka `comea`. Herufi ndogo `l` husomwa kama `I` kubwa au tarakimu 1, na `liver` ikawa `Iiver`, kosa ambalo kwenye kioo cha simu halionekani kirahisi. Mtoto ambaye hajawahi kuliona neno hilo hana namna ya kulishuku, atalikariri lilivyo. Anayetengeneza kadi ndiye anayepaswa kulinganisha na kitabu cha kiada, si na picha ile ile iliyoleta kosa.

Mwalimu mwenye kompyuta yenye programu huria ya Tesseract, pamoja na faili zake za lugha ya Kiingereza na Kiswahili, anaweza kupunguza tatizo la safu kwa amri moja:

```
tesseract orodha.png orodha -l eng+swa --psm 6
```

Sehemu ya mwisho inaiambia programu iuchukulie ukurasa kama fungu moja la maandishi, ili isome mstari kwa mstari kuvuka safu zote mbili. Matokeo huingia katika faili la `orodha.txt`. Picha iliyofifia kwa kutumwa mara nyingi itabaki na makosa hata hapo. Ni heri kumwomba aliyeianzisha atume ya awali.

Maneno matupu yakishasafishwa, kazi ya kuyapanga ni nyepesi. Kadi ya karatasi husomwa pande zote, kwa hiyo kila upande uweze kusimama peke yake. Ukianza na Kiswahili, ngozi inaweza kuwa ya mtu au ya kiatu. Andika “ngozi ya mwili” ili jibu liwe moja. Bandama huitwa pia wengu, basi yaandikwe majina yote mawili upande mmoja.

Maswali ya kuchagua yanadai uangalifu zaidi, na hapa bonde la Kilombero lina mfano wake wa kufaa. Tuseme skrinshoti ina swali hili: “Yupi kati ya mbu hawa hueneza malaria? A. Aedesi B. Kuleksi C. Anofelesi.” Anayenakili bila kufikiri huandika swali mbele na herufi C nyuma. Kadi hiyo humfundisha mtoto herufi. Akikutana na swali hilo kwenye mtihani wenye mpangilio mwingine, C haitamsaidia. Ondoa machaguo, na uyatumie yote kutengeneza kadi tatu: malaria huenezwa na mbu wa jenasi gani? Anofelesi, tena jike tu, kwa kuwa dume halifyonzi damu. Homa ya dengi? Aedesi. Na nani hueneza matende katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki? Kuleksi. Majibu mawili yaliyokuwa pale kumpotosha mtoto yamekuwa maarifa.

Kisha linakuja suala la jibu lenyewe. Jaribio lililozunguka kwa miaka huweza kudai kwamba mwenezaji mkuu wa malaria Tanzania ni `Anopheles gambiae`. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, waliokuwa wakichunguza vijiji vya Kilombero na Ulanga, walionyesha mwaka 2017 kwamba `Anopheles funestus`, ingawa hakuwa mbu mwingi zaidi kwenye mitego, ndiye aliyebeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi. Kadi inayosema “Tanzania” na kadi inayosema “bonde la Kilombero” huenda zisiwe na jibu moja. Andika mahali ndani ya swali. Skrinshoti haionyeshi ilitoka kitabu gani wala mwaka gani, nayo kadi, kwa kuwa inarudiwa mara nyingi, huligandisha kosa kichwani kwa nguvu ile ile inayoligandisha jambo la kweli.

Sasa kwenye uchapaji. Karatasi ya A4 ikigawanywa safu mbili na mistari minne hutoa kadi nane, kila moja ikiwa na upana wa milimita 105 na kimo cha takriban milimita 74, kiasi kinachoenea kwenye kiganja. Tengeneza jedwali la ukurasa wa kwanza kwa maswali na la ukurasa wa pili kwa majibu. Wengi hupanga majibu kwa mfuatano ule ule wa maswali, na hapo ndipo kadi zote zinapoharibika, kwa sababu karatasi ikigeuzwa kama ukurasa wa kitabu, kushoto kwake huwa kulia. Mpangilio sahihi ni huu:

```
MBELE     NYUMA
1  2      2  1
3  4      4  3
5  6      6  5
7  8      8  7
```

Swali la kwanza, `liver`, limekaa juu kushoto. Kwa hiyo “ini” likae juu kulia katika ukurasa wa pili. Mpangilio huu ni wa mashine inayogeuza karatasi kwa ukingo wake mrefu. Ikiwa inageuza kwa ukingo mfupi, safu hubaki zilivyo na mistari ndiyo inayopinduka: 7 na 8 juu, 1 na 2 chini. Fundi wa steshenari hawezi kujua umepanga kwa njia ipi usipomwambia.

Usichapishe nakala thelathini kwa mkupuo. Chapa karatasi moja, isimamishe kuelekea dirishani au kwenye taa, na utazame kama kila jibu limetua nyuma ya swali lake na kama mistari ya jedwali inakutana. Ikipishana kwa milimita mbili tatu si neno, acha ukingo mweupe kuzunguka maandishi. Kwa anayetoka Mlimba au Mngeta na kuja kuchapisha Ifakara mjini, karatasi hiyo moja inamwokolea nauli ya kurudi. Karatasi nyembamba ina ubaya wake pia: wino wa jibu huonekana upande wa swali, na mtoto husoma jibu bila kujua kwamba anadanganya. Karatasi ya manila huondoa tatizo hilo, mradi mashine iwe inakubali unene wake.

Pale ambapo mashine haichapi pande mbili vizuri, kuna njia isiyokosea kabisa. Chapa swali kushoto na jibu kulia kwenye mstari mmoja wa ukurasa ule ule, kata mstari mzima, kunja katikati, gundisha. Jibu haliwezi kwenda kwa jirani, na unene wa karatasi mbili huzuia wino kuonekana. Unapata kadi nne tu kwa ukurasa, lakini kwa orodha ndogo ya nyumbani njia hii ndiyo bora kuliko zote.

Anayesoma chuoni na kuruhusiwa simu anaweza kuruka uchapaji wote. Mistari ile ya `liver;ini` ikihifadhiwa kama faili la maandishi, programu ya bure ya AnkiDroid huweza kuiingiza, nukta mkato ikitenganisha mbele na nyuma. Makosa ya `comea` na jozi zilizoteleza yataingia vilevile, kwa hiyo ukaguzi hauepukiki.

Kwenu walimu mnaoandaa orodha hizi: nyingi huwa tayari mmeziandika kwenye kompyuta au simu kabla hazijageuzwa picha. Tumeni maandishi yenyewe, jozi moja kila mstari, na mtaje kitabu yalikotoka.