Karatasi ya Kichina kwenye kifurushi: isome kwanza, halafu umwandikie muuzaji

Umeagiza taa ya sola kwa muuzaji wa mtandaoni aliye Nairobi, ukalipa kwa simu, mzigo ukafika. Usiku wa kwanza taa inawaka dakika arobaini tu, inazima. Ndani ya boksi kuna kikaratasi kimeandikwa Kichina kitupu, na namba 7 inaonekana katikati. Unapiga picha, unaipitisha kwenye programu ya kutafsiri ya simu, na inakuambia unaweza kurudisha bidhaa ndani ya siku saba. Vizuri. Lakini kabla hujamwandikia muuzaji, kuna mambo ambayo hiyo tafsiri haijakuambia, na moja linaweza kukugharimu nauli ya mzigo kurudi Nairobi.

Vikaratasi hivi huandikwa kwa ajili ya wanunuzi walio China. Kule sheria ya kulinda watumiaji, kama ilivyorekebishwa na kuanza kutumika tarehe 15 Machi 2014, inampa anayenunua mtandaoni siku saba za kurudisha bidhaa nyingi bila kueleza sababu. Viwanda huchapisha kadi hizo kwa wingi na kuzitia kwenye maboksi, na muuzaji wa Nairobi anayenunua mzigo huko hukuletea boksi jinsi lilivyo. Mara nyingi yeye mwenyewe hajui kadi imesema nini.

Kadi ya aina hii kwa kawaida ina ahadi mbili, si moja, na hapa ndipo watu huteleza. Ya kwanza ni kurudisha bila sababu: bidhaa ni nzima, lakini hukuipenda. Kwa sheria ya China, katika hali hii nauli ya kurudisha ni ya mnunuzi, isipokuwa muuzaji amekubali vingine. Ya pili ni kurudisha kwa sababu bidhaa ina kasoro. Hapo nauli ni ya muuzaji. Siku ni zile zile saba, kwa hivyo kwenye tafsiri ya harakaharaka mistari hiyo miwili inafanana kama mapacha. Ukiandika "nataka kurudisha taa kwa ile siku saba bila sababu", umejiweka mwenyewe kwenye mstari unaokulipisha nauli. Taa yako ina kasoro. Sababu unayo, na lazima uitaje.

Sasa tafsiri yenyewe. Laza karatasi mezani mchana, uinyooshe vizuri, upige picha kutoka juu bila flashi. Kunyoosha kuna maana yake: kwa Kichina moja, mbili na tatu huandikwa kwa mstari mmoja, miwili na mitatu iliyolala, na mkunjo wa karatasi unaweza kusomwa na simu kama mstari wa ziada. Siku mbili zikawa tatu. Piga picha moja ya karatasi nzima, kisha nyingine ya kila fungu kwa karibu. Tafsiri fungu moja moja, na ukiweza tumia programu mbili tofauti. Zikikubaliana kuhusu namba, endelea. Zikitofautiana, usiiweke namba hiyo kwenye barua mpaka umpate mtu wa kuisoma.

Utakutana na maneno ya ajabu. "Mifuko mitatu" ikitokea katikati ya masharti, usitafute mifuko kwenye boksi. Alama ile ile ya Kichina ina maana ya mfuko na pia ya kudhamini, na msemo wenyewe ni dhamana tatu: kutengenezewa, kubadilishiwa na kurudishiwa pesa. "Imeharibiwa na binadamu" ni uharibifu uliofanywa na mtumiaji, kama kuiangusha au kuitia maji, na hapo dhamana haifanyi kazi. Na karatasi ikianza kwa "busu", hakuna anayekutongoza. Ni alama ambayo wauzaji wa China huitumia kusema "mpendwa mteja", nayo ina maana ya kubusu pia.

Kuna kadi nyingine huingia kwenye maboksi hayo hayo, ndogo, yenye msimbo wa QR na ahadi ya kurudishiwa pesa. Isome kwa makini. Mara nyingi ile pesa ni zawadi kidogo kwa anayeandika sifa nzuri za bidhaa kwenye soko la mtandaoni la China. Haihusiani na malalamiko yako, na huna haja ya kuiskani.

Kinachobaki ni kuhesabu siku, na kwa mtu wa Ngaremara hesabu hii si jambo dogo. Tuseme ulilipa Jumatatu tarehe 3 Machi 2025. Mzigo ulifika ofisi ya mizigo mjini Isiolo Alhamisi tarehe 6, na wewe ukapata nafasi ya kwenda kuuchukua Jumamosi tarehe 8. Muuzaji atataka kuhesabu kuanzia siku mzigo ulipofika mjini, na siku saba zitaisha tarehe 13. Kanuni za China za mwaka 2017 kuhusu kurudisha bila sababu zinaanza kuhesabu siku inayofuata ile uliyopokea na kutia sahihi. Ukifuata hesabu hiyo, tarehe 9 ni siku ya kwanza na ya saba ni tarehe 15. Kwa hivyo piga picha ya sahihi yako kwenye daftari la ofisi ya mizigo, au ile stakabadhi waliyokupa. Hata hivyo usikae ukingoja tarehe 15. Andika mara tu umeona kasoro, ili mabishano ya tarehe yasiwepo kabisa.

Lakini barua yako isisimame juu ya karatasi ya Kichina peke yake. Muuzaji anaweza kujibu, "Hiyo si yangu, ni ya kiwanda," na hapo atakuwa na hoja, kwa sababu wewe ulinunua kwake na mko Kenya. Nguzo yako ni sheria ya hapa. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 inamchukulia muuzaji kama aliyekuhakikishia kwamba bidhaa ina ubora unaokubalika, hata kama hakutamka neno. Kwa hivyo yale maandishi ya "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" hayafuti haki yako kwa kitu kibovu. Nguzo ya pili ni tangazo lake mwenyewe. Lipige picha ya skrini leo, kwa sababu kesho linaweza kuwa limefutwa. Karatasi ya Kichina inakuja ya tatu, kuonyesha kwamba hata aliyetengeneza taa anakubali kitu kibovu kirudishwe kwa gharama ya muuzaji.

Barua ya mfano huu wetu ingekuwa hivi. Unaweza kuituma kwa WhatsApp kwenye namba uliyoagizia, na kwa barua pepe kama anayo:

"Ngaremara, Isiolo. 10 Machi 2025.

Kwa muuzaji. Habari yako.

Tarehe 3 Machi nilinunua kwako taa ya sola kwa Sh3,800, na usafirishaji Sh350. Nililipa kwa simu kwenye nambari yako ya Till. Ujumbe wa malipo nimeuambatanisha. Niliuchukua mzigo Isiolo tarehe 8 Machi.

Tangazo lako lilisema taa inawaka usiku kucha ikishajaa. Niliichaji juani tarehe 8 na tena tarehe 9. Usiku wa kwanza iliwaka dakika 40, wa pili dakika 35. Haijaanguka wala kuingia maji. Video ya usiku wa pili nimeiambatanisha.

Kwa sheria ya Kenya bidhaa unayouza inapaswa kuwa na ubora unaokubalika na kufanya ulichotangaza. Pia ndani ya boksi kuna karatasi ya Kichina kuhusu kurudisha bidhaa. Kwa tafsiri niliyopata, bidhaa yenye kasoro hurudishwa ndani ya siku saba kwa nauli ya muuzaji. Picha ya karatasi na tafsiri yake viko hapa, uvihakiki mwenyewe.

Naomba unirudishie Sh4,150 kwenye namba hii niliyolipia, kufikia tarehe 17 Machi, na unielekeze taa niirudishe kwa gari gani kwa gharama yako. Nimeihifadhi na boksi lake.

Asante."

Angalia vitu viwili humo. Mwandishi anasema "kwa tafsiri niliyopata" na anatuma picha ya asili, kwa hivyo muuzaji akimwonyesha mtu anayejua Kichina na neno moja likawa tofauti, barua haianguki. Tena anadai kitu kimoja. Ukiandika "nirudishie pesa au unibadilishie au unitengenezee", muuzaji atachagua iliyo rahisi kwake, na huenda ukaletewa taa nyingine ya mzigo ule ule.

Kwa upande wetu wa malipo, tuseme wazi: huduma ya kurudisha muamala ni ya pesa iliyoenda kwa mtu usiyemkusudia. Hapa ulimlipa uliyemkusudia, bidhaa ndiyo mbaya. Ukiomba turudishe muamala kwa madai kwamba ulikosea namba, ombi litakwama, na muuzaji atalitumia kuonyesha kwamba husemi ukweli. Tunachoweza kukupa ni ushahidi. Usifute ujumbe wa uthibitisho, na kama umeshaufuta, omba taarifa ya akaunti ya siku hizo. Itaonyesha namba ya muamala, kiasi, saa na jina lililopokea. Linganisha jina hilo na jina la duka, kwa sababu wakati mwingine hayafanani, na kwenye barua utahitaji kuyataja yote mawili.

Muuzaji akikubali, pesa inaingia yenyewe. Hakuna ada ya "kufungua" malipo, na namba ya siri haihitajiki ili upokee pesa. Anayekuomba kimoja kati ya hivyo, hata kama sauti ni ya muuzaji yule yule, mkatie simu. Na usiikabidhi taa kwa gari kabla hujapata jibu la maandishi linalosema nani analipa nauli na pesa itarudi lini.

Tarehe 17 ikipita kimya, tuma barua ile ile tena ukiongeza mstari mmoja kwamba utapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea pia malalamiko ya watumiaji, kama vile ya matangazo ya uongo. Njia nyingine ni Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya hadi Sh1,000,000, na huhitaji wakili. Anza kwa kuuliza kwenye ofisi ya mahakama mjini Isiolo ni wapi dai lako litafunguliwa, kwa sababu muuzaji yuko Nairobi. Kwa Sh4,150, piga kwanza hesabu ya nauli za kwenda na kurudi.